Uwiano wa ufupishaji: namna ya kujua maandishi yamefupika vya kutosha

Uwiano wa ufupishaji ni namba inayopatikana kwa kugawanya urefu wa maandishi baada ya kufupishwa kwa urefu wake kabla ya kufupishwa. Habari ya maneno 200 ikibaki na maneno 120, uwiano wake ni 0.60, yaani katika kila maneno mia, sitini yamebaki. Wapo wanaogawanya kinyume chake, wakapata namba iliyo juu ya moja. Njia zote mbili ni sahihi, ila asiyeshikamana na moja hawezi kulinganisha matokeo ya leo na ya jana. Katika makala haya, namba ndogo maana yake ni kwamba mengi yameondolewa, na moja kamili maana yake ni kwamba hakuna kilichopungua.

Anayefupisha kwa raundi kadhaa anahitaji uwiano wa aina mbili. Wa kwanza ni uwiano wa jumla, unaolinganisha andiko la sasa na andiko la mwanzo kabisa. Wa pili ni uwiano wa raundi, unaolinganisha andiko la sasa na lile la raundi iliyotangulia. Wengi huangalia ule wa jumla peke yake, kwa kuwa ndio unaofanana na masharti waliyoyazoea shuleni, ambako mwanafunzi hupewa kifungu na kuambiwa akifupishe kwa idadi fulani ya maneno, au hadi theluthi moja. Katika mtihani, kikomo kimekwisha kuwekwa na mtungaji wa swali. Nje ya mtihani, mara nyingi hakuna aliyekiweka. Mwandishi wa tangazo la zahanati, mhariri wa gazeti au katibu anayeandaa muhtasari wa mkutano huambiwa tu kwamba andiko ni refu, alipunguze. Hapo uwiano wa raundi ndio unaosaidia kuamua pa kuishia.

Sababu yake inaonekana katika mpangilio wa kazi yenyewe. Raundi ya kwanza huondoa vilivyo rahisi kuonekana: vianzio visivyobeba jambo, maneno mawili yenye maana moja, sentensi inayorudia iliyotangulia. Uwiano wa raundi hiyo huwa mdogo. Kila raundi inayofuata hukuta ziada kidogo zaidi, kwa hiyo uwiano hupanda kuelekea moja. Ni sawa na kukamua nazi: tui la kwanza hutoka zito na jingi, la pili huwa jepesi, na hatimaye mkononi hubaki chicha. Uwiano ukikaribia moja, ziada imekwisha, na kinachobaki kuondolewa ni maana yenyewe.

Mfano ufuatao ni tangazo la afya kuhusu maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wanaopewa watoto wanaoharisha. Limeandikwa kwa mtindo unaopatikana katika matangazo mengi ya aina hiyo, na lina maneno 147:

"Ni muhimu sana kwa kila mzazi au mlezi kufahamu kwamba mtoto ambaye anaharisha hupoteza maji mengi pamoja na chumvi kutoka katika mwili wake. Kwa sababu hiyo, inashauriwa kwamba mtoto huyo apewe maji ya ORS mara tu anapoanza kuharisha, bila ya kusubiri hadi hali yake iwe mbaya. Ili kuweza kutengeneza maji hayo, mzazi anatakiwa kwanza anawe mikono yake kwa sabuni, kisha achukue pakiti moja ya ORS na kuimimina yote katika lita moja ya maji ambayo ni safi na salama, na baada ya hapo akoroge mpaka unga wote uyeyuke kabisa. Mtoto ambaye ana umri wa chini ya miaka miwili apewe robo kikombe hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Maji ambayo yatakuwa yamebaki baada ya saa 24 kupita yanapaswa kumwagwa, na pakiti nyingine mpya itengenezwe. Endapo mtoto atakuwa analegea, anatapika kila kitu au ana damu katika kinyesi, basi mzazi anapaswa kumpeleka katika kituo cha afya haraka iwezekanavyo bila kuchelewa."

Kabla ya kufuta neno lolote, huandikwa orodha ya mambo ambayo lazima yabaki. Bila orodha hiyo, uwiano hauna maana, kwa sababu karatasi tupu ina uwiano wa sifuri na hakuna anayeitaka. Katika tangazo hili mambo ni saba: sababu ya kumpa mtoto ORS, wakati wa kuanza, kunawa mikono kwa sabuni, kipimo cha kuchanganya, kipimo cha kunywesha, muda wa saa 24, na dalili za kumpeleka mtoto kituoni. Orodha huandikwa mara moja na haibadilishwi wakati wa kufupisha. Ikibadilishwa katikati, mfupishaji huanza kuamini kwamba alichokwisha kukitoa hakikuwa cha lazima.

Raundi ya 1 ilishughulikia vianzio na marudio. "Ni muhimu sana kwa kila mzazi au mlezi kufahamu kwamba" iliondoka yote, pamoja na "inashauriwa kwamba" na "ili kuweza". "Haraka iwezekanavyo bila kuchelewa" ilibaki "haraka". "Mtoto ambaye anaharisha" ikawa "mtoto anayeharisha", na "kutoka katika mwili wake" ikawa "mwilini". Andiko lilishuka kutoka maneno 147 hadi 91, kwa hiyo uwiano wa raundi ni 0.62. Mambo yote saba yalibaki bila kuguswa.

Raundi ya 2 iligusa muundo. Tangazo lilikuwa likimsema mzazi kana kwamba hayupo: mzazi anawe, mzazi amimine, mtoto apelekwe. Sasa linazungumza naye moja kwa moja: nawa, mimina, mpeleke. Badiliko hilo liliondoa vitenzi visaidizi na majina yaliyokuwa yakirudiwa, na sehemu nyingine zikafupika pamoja nalo. Yalibaki maneno 64, uwiano wa raundi ukiwa 0.70.

Raundi ya 3 ilipita neno kwa neno. "Pakiti moja yote" ilibaki "pakiti yote", na "anapoanza kuharisha" ilibaki "anapoanza", kwa kuwa kuharisha kumekwisha kutajwa. Yalibaki maneno 58, na uwiano ukapanda ghafla hadi 0.91:

"Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Mpe ORS mara tu anapoanza. Nawa mikono kwa sabuni, mimina pakiti yote katika lita moja ya maji safi na salama, koroga iyeyuke. Aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwage. Akilegea, akitapika kila kitu au akiharisha damu, mpeleke kituo cha afya haraka."

Raundi ya 4 ilitafuta tena na kupata maneno mawili tu, "tu" na "iyeyuke". Maneno 56 juu ya 58 ni 0.97. Mambo saba bado yamo, ingawa la kuchanganya limepungua nguvu kidogo, kwa kuwa msomaji haambiwi tena akoroge mpaka lini. Uwiano wa jumla wakati huo ulikuwa 0.38.

Hapo ndipo pa kusimama. Lakini tuseme mkubwa wa ofisi anashikilia kwamba tangazo lazima lifike theluthi moja ya urefu wake wa mwanzo, yaani maneno 49. Raundi ya 5 italazimika kutoa maneno saba mahali ambapo raundi ya 4 ilipata mawili kwa taabu. Njia iliyo wazi ni kubadili "katika lita moja ya maji safi na salama" iwe "katika maji safi", na kufuta "kila kitu" baada ya "akitapika". Hesabu inatimia barabara: maneno 49, uwiano wa jumla 0.33. Kumbukumbu nzima inaonekana hivi:

| Raundi | Maneno | Uwiano wa raundi | Uwiano wa jumla | Mambo yaliyobaki |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | 147 | – | 1.00 | 7 |
| 1 | 91 | 0.62 | 0.62 | 7 |
| 2 | 64 | 0.70 | 0.44 | 7 |
| 3 | 58 | 0.91 | 0.39 | 7 |
| 4 | 56 | 0.97 | 0.38 | 7 |
| 5 | 49 | 0.88 | 0.33 | 5 |

Safu ya uwiano wa raundi ilikuwa ikipanda kwa utaratibu, 0.62, 0.70, 0.91, 0.97, kisha ikaanguka hadi 0.88. Anguko hilo ndilo onyo. Uwiano ukishuka baada ya kukaribia moja, maana yake ni kwamba mfupishaji ama amegundua ziada ambayo hakuwahi kuiona, ama ameanza kutoa mambo yenyewe. Orodha ndiyo inayoamua ni lipi kati ya hayo mawili. Hapa orodha inasema mambo mawili yameharibika. Bila kutajwa lita moja, mzazi anaweza kumimina pakiti katika kikombe, na mchanganyiko wenye chumvi kupita kiasi ni hatari kwa mtoto mdogo. Akiweka maji mengi mno, dawa inapoteza nguvu. Bila "kila kitu", karibu kila mtoto aliyetapika mara moja atapelekwa kituoni, na dalili iliyokusudiwa kuwatenga walio hatarini haitengi tena mtu.

Safu ya uwiano wa jumla, kinyume chake, haionyeshi lolote. Inashuka taratibu kutoka 0.39 hadi 0.38 hadi 0.33 bila kishindo, na anayeitazama peke yake ataona tangazo linaendelea kuwa zuri. Tena, namba hiyo inaeleza zaidi ubovu wa andiko la mwanzo kuliko ubora wa andiko la mwisho. Kama tangazo lingeletwa mezani likiwa tayari na maneno 91 ya raundi ya 1, maneno 56 yale yale yangehesabika kuwa 0.62 badala ya 0.38. Andiko ni lile lile na msomaji ni yule yule, lakini uwiano umebadilika. Ndiyo maana kanuni ya theluthi moja, yenye manufaa darasani pale ambapo vifungu vimechaguliwa vikiwa na wingi wa maelezo unaokaribiana, haifai kuwa sheria kwa kila andiko. Andiko lililojaa mapambo linaweza kushuka hadi robo bila kupoteza jambo, na ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu inaweza kuumia kwa kushuka hadi 0.80.

Kanuni ya kusimama inaweza basi kuelezwa hivi: kufupisha kunakoma raundi inapotoa uwiano wa 0.95 au zaidi huku mambo yote ya orodha yakiwapo. Namba 0.95 ni makubaliano ya kazi tu, na ofisi inaweza kuchagua 0.93 au 0.97. Inalohitaji ni kuichagua kabla ya kuanza. Kwa andiko fupi sana namba hiyo hulegalega, kwa kuwa katika sentensi ya maneno 20, kufuta neno moja tu tayari ni 0.95. Chini ya maneno 40 hivi ni afadhali kuhesabu maneno yaliyotoka kuliko kuangalia uwiano.

Kanuni hii ina matokeo ambayo huwashangaza wengi. Raundi ya mwisho mara nyingi ni kipimo zaidi kuliko zao. Raundi ya 4 ya tangazo ilifanywa ili kuthibitisha kwamba ziada imekwisha, na ilithibitisha. Lakini maneno mawili iliyoyaokoa hayakulipa gharama ya kupoteza "iyeyuke". Kwa karatasi ya kubandikwa ukutani, andiko la raundi ya 3 ndilo linalofaa kuchapishwa. Kwa hiyo kila raundi huhifadhiwa peke yake, kwa jina lake, badala ya kuandikwa juu ya iliyotangulia. Kwenye kompyuta zenye mfumo wa aina ya Yuniksi, hesabu hupatikana kwa amri mbili fupi:

```
wc -w raundi3.txt
wc -m raundi3.txt
```

Amri ya kwanza huhesabu maneno, ya pili huhesabu herufi pamoja na nafasi. Alama ya mwisho wa mstari nayo huingia katika hesabu ya pili, kwa hiyo andiko la mstari mmoja huonekana limezidi kwa herufi moja. Programu za kawaida za kuandikia nazo zina sehemu ya kuhesabu maneno.

Kuchagua kati ya maneno na herufi si jambo dogo katika Kiswahili, kwa kuwa kitenzi chake hubeba nafsi, wakati na kirejeshi ndani ya neno moja. "Mtoto ambaye anaharisha" ni maneno matatu na herufi 23 pamoja na nafasi. "Mtoto anayeharisha" ni maneno mawili na herufi 18. Kwa hesabu ya maneno uwiano ni 0.67, na kwa hesabu ya herufi ni 0.78. Mfupishaji anayebadili kila "ambaye" ataona maneno yakipungua kwa kasi kuliko andiko lenyewe linavyopungua kwenye karatasi. Hakuna ubaya katika badiliko hilo, maana sentensi mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Ila raundi iliyofanya kazi ya aina hiyo haipaswi kulinganishwa na raundi iliyofuta sentensi nzima bila kuangalia herufi pia. Hesabu mbili zikiachana sana, herufi ndizo za kuaminiwa.

Herufi huwa za lazima pale kikomo kinapotoka nje, kama katika ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja wa kawaida wa SMS hubeba herufi 160. Ukizidi hapo hugawanywa, na kila kipande hubeba 153, kwa sababu sehemu ya nafasi hutumika kuviunganisha vipande. Andiko la raundi ya 4 lina herufi 354, kwa hiyo litasafiri kwa vipande vitatu. Ili liingie katika viwili, ambavyo kwa pamoja hubeba 306, lazima herufi 48 ziondoke, na hiyo ni raundi yenye uwiano wa 0.86. Baada ya 0.97, dai hilo haliwezi kutimizwa kwa kunyofoa neno hapa na neno pale. Lazima jambo zima litolewe. Hata kutoa sababu, kwa kuanza na "Mtoto akianza kuharisha, mpe ORS", huokoa herufi 34 tu, na 14 bado zitatafutwa. Faida ya kuujua uwiano hapa ni kwamba mfupishaji anaweza kumrudia mwenye ujumbe na swali lililo wazi: jambo lipi kati ya saba liondoke, au kipande cha tatu kilipiwe? Uamuzi huo ni wa mhudumu wa afya, si wa mhariri anayepunguza maneno gizani.

Kipimo hiki kina udhaifu mkubwa mmoja. Uwiano unaweza kukaribia moja kwa sababu ziada imekwisha, au kwa sababu macho ya mfupishaji yamechoka. Aliyesoma tangazo moja mara nne mfululizo huanza kuliona kila neno kuwa la lazima. Dawa yake ni kuliweka andiko kando hadi kesho yake, au kumpa mtu mwingine afanye raundi moja bila kuonyeshwa kumbukumbu ya nyuma, lakini akiwa na orodha ya mambo saba mkononi. Msomaji mpya akipata 0.96, kusimama kulikuwa sahihi. Akipata 0.85 na mambo yote bado yamo, andiko lilikuwa na ziada iliyofichika, na raundi zinaendelea kutoka hapo.

Ziada ya namna hiyo mara nyingi hukaa katika muundo. Kama raundi ya 2 ya tangazo isingegeuza usemi kuwa wa moja kwa moja, mfupishaji angeendelea kunyofoa neno moja moja katika yale maneno 91, uwiano ungefika 0.95 mapema, na tangazo lingesimama likiwa refu kwa kiasi cha robo hivi. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kwamba uwiano umefika kikomo, huangaliwa kama raundi za aina zote tatu zimefanyika: ya kuondoa vianzio na marudio, ya kupanga upya muundo, na ya neno kwa neno. Raundi mbili za aina moja zikifuatana, ya pili karibu kila mara itatoa namba kubwa, na namba hiyo haithibitishi kitu.

Mwisho, uwiano wa raundi unaweza kuvuka moja. Hilo hutokea jambo lililopotea linaporudishwa, kama vile kuirudisha "lita moja" baada ya raundi ya 5. Katika kumbukumbu huandikwa kama raundi nyingine yoyote, kwa namba yake halisi. Raundi iliyo juu ya moja inaonyesha kwamba iliyotangulia ilivuka mpaka, na urefu unaofaa umekwisha kujulikana: uko kati ya hayo maandiko mawili.